Mzee Amechoka

Siku ile mjinga alikuwa Kamusi, na hata yeye mwenyewe hakatai. Anachokikataa ni kuitwa mzembe. Mzembe, anasema, ni mtu asiyefungua kitabu, na yeye alikifungua, akaweka kidole kwenye neno, akasoma mpaka mwisho wa mstari. Mjinga, haya, amekubali. Kila mtu ana siku yake ya kuwa mjinga. Tatizo la siku yake ni kwamba bili yake alipelekewa mtu mwingine.

Jina la Kamusi alibandikwa ofisini, na hakubandikwa kwa heshima kama anavyopenda kuwahadithia wageni. Alibandikwa kwa sababu ya lile dude lake la Kifaransa, nene kama tofali, alilokuwa akilibeba kwapani hata akishuka kunywa chai. Mwenye ofisi alimwambia siku moja, "Wewe mwanaume, hilo kamusi likizaa utatuambia?" Wakacheka, yeye akacheka kuliko wote, na jina likabaki. Alikuwa mtu wa utani. Maisha yalishamtwanga vya kutosha, ajira tatu zilimtema na mke mmoja akamfungia mlango, na kila aliponyanyuka alinyanyuka na kichekesho kipya. Kwake kucheka kulikuwa kama kujipangusa vumbi.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Ngazi zilikuwa za giza na kona ya ghafla, na wateja waliingia wakihema. Walileta vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya pango, maelezo ya daktari, na siku hizi zaidi meseji za simu zilizopigwa picha na kuchapwa. Vyote viliandikwa Kifaransa, na vyote vilitakiwa Kiingereza, kwa kuwa wakubwa wa kusoma karatasi hizo walisoma Kiingereza.

Kila tafsiri iliyotoka pale ilikuwa na mihuri miwili. Wa kwanza ni wa mfasiri. Wa pili ni wa mhakiki, na mhakiki alikuwa Bibi Nukta, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuiachia sentensi ipite bila kuisimamisha na kuikagua mifuko. Kabla hajasoma neno moja, lazima aulize.

"Kaandika nani?"

"Mtu tu, mama. Kifaransa hicho hapo."

"Mtu wa wapi?"

"Mama, Kifaransa ni Kifaransa."

"Basi na chai ni chai. Kanywe ya jana."

Kamusi alimpenda, lakini maswali yale yalimwasha. Na alikuwa na ushahidi wake, aliokwisha kuusimulia ofisi nzima, kwamba hayahitajiki. Kuna mwaka aliletewa orodha ya vyakula vya asubuhi kutoka nyumba ya wageni ya Ubelgiji. Ndani yake kulikuwa na *pistolet* na jibini. Kamusi lake lilisema bastola. Sasa Kamusi ni mjinga, lakini si mjinga wa kumwekea mgeni bastola na jibini mezani. Aliuliza, akaambiwa kule kwao hicho ni kimkate cha duara. Akaandika kimkate. Tangu siku hiyo alijiwekea kanuni: neno la kienyeji litajitangaza lenyewe. Litaingia kwenye sentensi kama mlevi kwenye maombi, kila mtu atageuka kutazama. Lisipojitangaza, ni neno la kawaida, endelea na safari.

Kanuni nzuri sana. Ilimfikisha alikofika.

Siku ile mshonaji mmoja wa kiwanda cha nguo alikuja mchana wakati Bibi Nukta ameenda kung'olewa jino. Alikuwa dada wa makamo, bado amevaa koti la kiwanda la buluu, nyuzi zimemganda mikononi. Alikaa kwenye kiti cha wateja akatoa simu.

"Kaka, nina haraka. Nimeomba ruhusa ya mapumziko tu."

"Haraka ndiyo jina langu la pili, dada. Leta."

Alieleza. Baba yake aliishi huku zamani, akamzaa, kisha akarudi kwao kunakozungumzwa Kifaransa, akaoa tena. Walipotezana miaka na miaka. Mwaka juzi tu wametafutana, wakapatana, na sasa alikuwa akimpigia kila Jumapili. Mzee bado alikuwa na Kiswahili chake, kimechakaa lakini kinakwenda. Wengine wa nyumba ile hawakujua hata neno. Sasa Jumapili mbili simu ya mzee inapokelewa na mtoto wa kiume wa yule mke wa pili, kaka yake wa baba mmoja, wanapigiana kelele za "alo, alo" bila kuelewana, mwisho kaka ameamua kuandika.

"Nimeiweka kwenye kile kitafsiri cha simu," alisema. "Kimesema mzee amechoka. Lakini roho haijatulia. Na kiwandani wamesema nikitaka likizo ya dharura nilete tafsiri ya ofisi, ya Kiingereza, yenye mihuri. Nisomee kwanza wewe. Niende, nisiende?"

Kamusi alisoma. *Le vieux est fatigué, fatigué même. La petite ne fréquente plus, c'est elle qui reste avec lui. Il te demande toujours.*

Hakukuwa na bastola hapo. Kila neno lilikuwa neno la darasa la kwanza la Kifaransa. *Le vieux*, mzee. Hilo alijua huwa ni baba, akajipongeza. *Fatigué*, aliyechoka, alifungua tofali lake kwa ajili ya maonyesho tu, mteja aone kazi inavyofanywa, akamwonyesha kwa kidole. Amechoka, amechoka kweli. *Fréquenter* ndipo aliposita kidogo. Kitenzi hicho kwenye kamusi kinataka mtu au mahali pa kushika: kumzoea fulani, kuzuru mahali fulani. Hapa kilisimama kikiwa mikono mitupu. Akakionea huruma, akakipa cha kushika.

"Haya, dada, sikiliza. Mzee amechoka, amechoka sana. Binti mdogo siku hizi hatembeleani na watu, ndiye anayekaa naye. Na anakuulizia kila siku."

"Amechoka tu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Haumwi?"

"Dada, kuumwa kuna neno lake, na hapa halipo. Ningeliona ningekwambia." Kisha, kwa kuwa aliona uso wa yule dada bado umekunjamana, na yeye hakuwahi kuuacha uso uliokunjamana ukapita bila kuunyoosha, akaongeza, "Mzee kalala, binti kakaa pembeni anamletea maji. Huo si ugonjwa, huo ni ufalme! Mimi nikichoka hakuna hata wa kunipungia gazeti."

Mshonaji akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo, mpaka akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Ee, huyo mzee! Ananitia presha bure. Hebu nijibie basi, kaka, kwa Kifaransa. Mwambie apumzike, aache uvivu, nitakuja mwisho wa mwaka na zawadi."

Kamusi akaandika. Hiyo aliiandika vizuri, yenye chumvi yake na mwisho mtamu. Mwambie mzee apumzike na aache kujifanya mvivu. Mshonaji akaituma pale pale.

Ilibaki tafsiri ya kiwandani. Kamusi aliichapa, akabana picha ya ile meseji kwenye nakala ya jalada, akagonga muhuri wake. Kiboksi cha mhakiki kikamtazama kikiwa wazi. Mteja naye akaitazama saa ya ukutani. Kamusi akavuta droo ya Bibi Nukta, akatoa muhuri wa pili, akagonga. Meseji ya sentensi tatu, alijiambia, ya maneno ya watoto. Bibi Nukta angeuliza "kaandika nani", dada wa watu angechelewa zamu, na mwisho lingekuwa lile lile.

Kiwandani walisoma kwamba mzee amechoka, wakamrudishia mshonaji karatasi yake kwa upole. Uchovu, walisema, si dharura. Hakubishana. Yeye mwenyewe hakuwa tena na wasiwasi.

Bibi Nukta alirudi baada ya siku kadhaa, shavu limevimba, na jambo la kwanza alilofanya ni kupitia jalada la nakala, maana hakumwamini mtu yeyote aliyebaki ofisini bila yeye. Kamusi alikuwa anamsimulia mwenye duka la magodoro kichekesho mlangoni aliposikia anaitwa. Hakuitwa kwa sauti kubwa. Hilo ndilo lililomtia baridi.

"Huu muhuri wangu umetembea na nani?"

"Mama, ulikuwa kwa daktari wa meno. Kijimeseji tu kile."

"Kaandika nani?"

"Kaka yake mteja."

"Wa wapi?"

Bibi Nukta aligeuza ile picha ya meseji, akaweka ukucha juu, kwenye nambari ya mtumaji, kwenye tarakimu za mwanzo zinazotaja nchi.

"Hukuitazama hii."

"Niliyatazama maneno, mama."

"Haya, tutazame maneno. Huyu binti *ne fréquente plus*. Hafanyi hivyo na nani? Mahali gani?"

"Nimeandika hatembeleani na watu."

"Watu wamo humu?"

"Hawamo."

"Umewatoa wapi?"

Kamusi akajaribu kicheko, nacho kikafia njiani. Bibi Nukta alivuta kibodi ya kompyuta. Hakugusa kamusi. Alitafuta magazeti ya kule, yale ya kurasa za barua za wasomaji na habari za mitaani, akaandika kile kitenzi. Wakatokea: mtoto anayefanya *fréquenter* darasa la tano, kijana aliyeacha *fréquenter* kwa kukosa ada, mama anayejisifu watoto wake wote wanafanya *fréquenter*. Mstari baada ya mstari, kikiwa peke yake, bila mtu wa kushika.

"Shule," alisema Kamusi, polepole.

"Shule. Kule kikisimama peke yake ni kwenda shule. Sasa rudia sentensi yako."

"Binti ameacha shule. Ndiye anayebaki na mzee."

"Mtoto anatolewa shule akae na mtu aliyechoka?"

Kamusi aliketi. Alilitazama lile *fatigué*, neno lililomsalimia kwa adabu kama jirani, naye akaliitikia na kupita.

"Kule," alisema Bibi Nukta, na sasa hakuwa anamgombeza, jambo lililokuwa baya zaidi, "mtu akikwambia baba yake ni *fatigué*, humwambii apumzike. Unauliza amelazwa wapi. Akilisema mara mbili na *même* juu yake, unatafuta nauli. Neno la ugonjwa wanalo, sana tu. Hawataki kulitia mdomoni. Kwenu wewe mtu akiwa taabani mnasemaje? Si mnasema hajambo kidogo? Mgeni akifungua kamusi la Kiswahili hapo atakuta nini?"

"Atakuta hajambo."

"Bastola zako zile zilikudanganya. Neno linalokupiga kofi halina hatari, utageuka tu. Ogopa linalokaa kimya na kuleta maana. Hilo hulioni kwa kutazama neno. Unaliona kwa kumtazama aliyeandika, na kwa kutazama majirani zake kwenye sentensi. Na ukiwa na shaka, unapiga simu. Simu ni hiyo hapo, haijaoza."

Wakapiga. Kamusi ndiye aliyezungumza, maana alitaka sana aambiwe kwamba Bibi Nukta amekosea. Sauti ya kaka ilikuwa ya kijana aliyekosa usingizi. Kamusi alimwuliza, *fatigué* vipi? Kaka akamrudishia swali lake, kama mtu aliyeulizwa maji ni vipi. Kisha akaeleza. Miguu imejaa maji. Hali chakula. Hospitali wamemrudisha nyumbani. Tangu juzi hasemi tena.

"Ile meseji ya dada tuliipata," aliongeza kaka. "Ya kuacha uvivu. Tulimsomea."

"Alisemaje?" aliuliza Kamusi.

"Hakusema kitu. Alikuwa bado anasema siku hiyo, lakini hakusema kitu."

Kamusi aliandika upya sentensi zile tatu. Baba ni mgonjwa sana. Mdogo wetu ameacha shule ili amuuguze. Baba anakuulizia kila mara. Chini akaongeza maelezo ya mfasiri: kwamba maneno haya mawili, katika Kifaransa cha huko yalikotoka, yana maana hiyo na si ile ya kamusi za kawaida, na kwamba mtumaji ameulizwa na amethibitisha. Bibi Nukta alisoma, akaondoa koma moja, akagonga muhuri wake kwa mkono wake mwenyewe. Kamusi akashuka ngazi akikimbia.

Getini kiwandani alingoja, cherehani zikinguruma ndani kama mvua juu ya bati. Mshonaji alitoka akitabasamu.

"Kaka Haraka! Umenifuata mpaka huku? Mzee kaamka?"

Alijaribu kumwambia taratibu, na taratibu hakuijua, hakuwahi kuifanyia mazoezi. Akamwambia tu. Lile tabasamu halikuondoka mara moja. Lilisahauliwa usoni, likabaki hapo muda baada ya mwenyewe kuondoka.

Ruhusa alipewa alasiri ile ile. Alipanda basi la usiku, akabadilisha la pili mpakani. Alipofika, baba alikuwa hai, amefumbua macho. Macho tu. Mdomo, ambao katika nyumba ile yote ndio pekee uliokuwa na Kiswahili, ulikuwa umefungwa. Mshonaji alikaa kando ya kitanda akazungumza peke yake, na wa nyumbani wakakaa ukutani wakimsikiliza bila kuelewa, wakitingisha vichwa kwa heshima. Hakuna aliyeweza kumtafsiria yale macho. Walimzika kabla wiki haijaisha.

Aliporudi alikuja ofisini. Kamusi alizisikia hatua zake kwenye kona ya ngazi, akakutambua kuhema kwake kabla hajamwona. Alikuwa amejiandaa. Siku zote zile alikuwa akijiandaa, akizungumza mwenyewe njiani na kitandani, na alichokiandaa mtu angedhani ni kuomba radhi. Kumbe, midomo ilipofunguka, ikatoka kesi.

"Pole sana, dada. Mungu amrehemu mzee."

"Asante."

"Mimi nimeumia kama wewe."

Bibi Nukta, mezani kwake, aliacha kuandika.

"Lakini na mimi nielewe, dada yangu. Sikukisia. Uliona mwenyewe nilifungua kitabu. Hebu njoo, tazama tena." Alikwisha kulifungua lile tofali, ukurasa umejikunja kwa kufunguliwa mara nyingi, kidole kiko juu ya neno. "Kuchoka. Mstari wote huu, kuchoka. Hakuna ugonjwa hapa. Walioandika hiki kitabu ni maprofesa, dada, na hawakuliweka. Ningelitoa wapi?"

"Kwa mwenye kulisema," alisema Bibi Nukta bila kuinua kichwa.

"Mama, naomba nizungumze na mteja. Dada, mfasiri yeyote angeandika hivyo. Yeyote. Nenda ofisi ya jirani, nenda benki, nenda ubalozini ukawaulize, watakwambia amechoka. Mimi kosa langu ni kicheko, nacho nilikitoa kwa wema, nilikuona una wasiwasi."

"Nilikuuliza mara mbili," alisema mshonaji.

"Uliniuliza, na nikakujibu kilichoandikwa. Si uliniambia mwenyewe? Kabla hujaniletea, hata simu yako ilikwambia hivyo hivyo. Neno kwa neno! Mbona simu huilaumu?"

Mshonaji aliinuka. Alilifunga lile tofali juu ya kidole cha Kamusi, si kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Simu ninayo, kaka. Zile ngazi nilizipanda kutafuta mtu."